Hesabu kilo zinazofanya kazi, si kilo zote

*Nina miaka 42, urefu sentimita 162, uzito kilo 118. Programu ya simu imenipigia hesabu kwamba mwili wangu unatumia kalori 3,570 kwa siku, kwa hiyo nikila 2,570 nitapungua karibu kilo moja kila wiki. Nimefuata wiki sita, naandika kila ninachokula, na mizani haijasogea. Mwalimu wangu wa mazoezi anasema niachane na uzito wote, nihesabu kwa uzito usio na mafuta. Mizani yangu ya umeme inasema mafuta ni asilimia 46. Nilijipima kwa utepe pia: kiuno 110, makalio 122, shingo 38. Kazi yangu ni ya kukaa, jioni natembea nusu saa. Tofauti iko wapi, na nile kiasi gani?*

Dada, mwalimu wako yuko sahihi, na nadhani naona programu ilipoteleza. Chukua kilo zako 118, zidisha kwa saa 24, kisha kwa 0.9. Unapata 2,549. Hiyo ni kanuni ya mkato ya siku nyingi: mwanamume aliyepumzika hutumia kalori moja kwa kila kilo kwa kila saa, mwanamke 0.9. Sasa zidisha kwa 1.4, kiwango cha mtu anayekaa mchana na kutembea kidogo jioni, na unafika 3,569. Hiyo ndiyo 3,570 yako.

Kanuni hiyo si ya kipuuzi. Mwanamke mwembamba wa kilo 58 akiitumia atapata takriban 1,250, na akipimwa kwa njia nzuri zaidi atakutwa karibu na hapo hapo. Inaharibika mafuta yanapokuwa mengi, kwa sababu inalipa kila kilo ujira sawa, inayofanya kazi na isiyofanya.

Mwili ukiwa umelala tu, kilo moja ya ubongo hutumia kama kalori 240 kwa siku, kilo ya ini kama 200, na kilo ya moyo au figo kama 440. Msuli uliopumzika, ambao watu wa mazoezi huusifu kana kwamba ni tanuri, hutumia kama 13 tu kwa kilo. Mafuta hutumia kama 4.5. Mafuta yana uhai, yanatoa homoni, yana mishipa ya damu, lakini hayana njaa kubwa. Programu yako imeipa kila kilo ya mafuta 21.6 (ndiyo 0.9 mara 24). Imezidisha karibu mara tano.

Namba hiyo 21.6 nitairudia, kwa sababu inatokea tena katika kanuni anayoisema mwalimu wako, inayojulikana kama Katch-McArdle:

```
kalori za mapumziko = 370 + 21.6 × uzito usio na mafuta (kilo)
```

Kizidishi ni kile kile, ila hapa kinagusa tu kilo zisizo na mafuta: viungo, misuli, mifupa, damu na maji yaliyomo. Kwamba namba zimefanana ni sadfa, lakini kwako ni sadfa yenye faida. Inaonyesha kosa lote limekaa upande mmoja, ule wa mafuta.

Msingi wake umetokana na kazi ya mtafiti Cunningham. Mwaka 1980 alichambua upya vipimo ambavyo watafiti Harris na Benedict walivichapisha mwaka 1919, akakuta kwamba ukishajua uzito usio na mafuta, jinsia na umri haviongezi maelezo ya maana. Kwa hiyo usishangae kuona kanuni hii haikuulizi kama wewe ni mke au mume. Wanaume hutumia zaidi hasa kwa sababu wana kilo nyingi zaidi zisizo na mafuta, na jambo hilo limeshahesabiwa ndani.

Watu huuliza ile 370 imetoka wapi, maana mtu asiye na kilo hata moja hatumii kitu. Ni kwa ajili ya viungo vya ndani. Ubongo wa mtu mwenye umbo dogo na wa mwenye umbo kubwa haupishani sana, wala ini halikui kwa kasi ya misuli. Mtu anapoongezeka kilo zisizo na mafuta, sehemu kubwa ya nyongeza ni misuli na vitu vingine vya matumizi madogo. Kwa hiyo mtu mdogo hutumia kalori nyingi kwa kila kilo yake safi kuliko mtu mkubwa, na mstari ulionyooka unaopita katikati ya vipimo vyao haushuki hadi sifuri.

Sasa tutafute kilo zako. Mizani ya umeme unayoikanyaga hupitisha mkondo mdogo kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Mkondo huo hupita zaidi miguuni na sehemu ya chini ya kiwiliwili, na tumbo lililo juu yake hukisiwa. Isitoshe, mizani hudhani sehemu isiyo na mafuta ina maji asilimia 73 hivi. Kwa mtu mwenye uzito mkubwa sehemu hiyo mara nyingi ina maji zaidi, mizani huyasoma maji kama nyama, na mafuta yanaonekana machache kuliko yalivyo. Kwa hiyo 46 yako naichukulia kama ya chini.

Utepe una kanuni yake, iliyotengenezwa mwaka 1984 kwa jeshi la majini la Marekani. Ya wanawake, kwa sentimita, ni hii:

```
mafuta % = 495 / (1.29579 - 0.35004 × log10(kiuno + makalio - shingo)
           + 0.22100 × log10(urefu)) - 450
```

Vipimo vyako vinatoa 110 + 122 − 38 = 194, na mwisho wake ni asilimia 53.4. Hii nayo ina kasoro. Ilipimwa kwa wanajeshi, na wengi wao hawakuwa na mwili kama wako, kwa hiyo tunaivuta nje ya eneo ilipozaliwa. Na utepe ukihama sentimita tatu kutoka mahali pake au ukikazwa, jibu linahama.

Kipimo bora kuliko vyote viwili ni DXA, ile picha ya eksirei inayotenganisha mifupa, mafuta na vingine. Ukiweza kukipata, uliza kwanza meza yao inabeba kilo ngapi, kwani baadhi ya mashine za zamani zina kikomo. Usipokipata, usikose usingizi. Ukikosea asilimia tano za mafuta, kwako hizo ni kilo 5.9, na katika hesabu ni kalori 127 tu. Kosa la programu ni zaidi ya 900. Kadirio bovu la mafuta bado linakusaidia kuliko kujifanya kwamba hayapo.

Nachukua katikati: asilimia 50. Kilo 59 ni mafuta, kilo 59 si mafuta. Weka kwenye kanuni: 59 mara 21.6 ni 1,274, ongeza 370, unapata 1,644. Hizo ndizo kalori za mwili wako ukiwa umelala macho bila kufanya lolote. Zidisha kwa 1.4, siku yako inakuwa kama 2,300.

Nisikudanganye hapa, kwa sababu wanaoipenda kanuni hii huiruka sehemu hii. Katch-McArdle huyahesabu mafuta kama sifuri. Kwa mtu mwenye kilo 12 za mafuta si kitu. Kwa kilo 59, hata kwa ujira wao mdogo, ni zaidi ya kalori 200 kwa siku. Ndiyo maana kwa mtu mwenye mafuta mengi mimi hufanya hesabu ya pili, iliyochapishwa na Nelson na wenzake mwaka 1992, inayolipa kila upande haki yake. Kwa kalori ni karibu 25.8 kwa kila kilo isiyo na mafuta, na 4 kwa kila kilo ya mafuta. Wewe unapata 1,522 na 236, jumla 1,758. Kwa siku nzima, kama 2,460.

Kwa hiyo matumizi yako yapo kati ya 2,300 na 2,460, wala si 3,570. Ulikuwa ukila 2,570 ukidhani unajinyima kalori elfu moja, kumbe ulikuwa unakula takriban kiasi kile kile unachotumia. Mizani ilisimama kwa sababu hiyo. Haikuwa kwamba mwili wako ni mzito kuchoma, wala homoni haziwi mtuhumiwa wa kwanza hapa.

Utakutana na kanuni nyingine, ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990, inayotumia uzito, urefu, umri na jinsia. Inakupa 1,822, jirani kabisa na hesabu ya pili. Siipondi. Waliipima pia kwa watu wanene, na inaupa uzito kizidishi cha 10 tu badala ya 21.6, ndiyo maana haipotei mbali. Ukikutana na mtu asiyejua mafuta yake, mpe hiyo. Lakini haioni kitu kimoja. Tuseme kuna mwanamke mwingine wa umri wako, urefu wako na kilo zako 118, aliyenyanyua vyuma miaka kumi, mwenye mafuta asilimia 38. Ana kilo 73 zisizo na mafuta. Mifflin inawapa ninyi wawili 1,822 bila tofauti. Katch-McArdle inampa yeye takriban 1,950 na wewe 1,644. Siku zenu zikifanana, yeye anaweza kula kalori zipatazo 400 zaidi kuliko wewe na nyote mkabaki palepale. Kanuni isiyouliza mafuta, hata ikitengenezwa vizuri namna gani, haina jicho la kuiona tofauti hiyo.

Kuhusu kizidishi cha 1.4, kuna ugumu mmoja. Kulala hakujali sana mafuta, lakini kutembea kunayajali, kwa sababu unayabeba. Kutembea kilomita moja kwenye tambarare huongeza takriban nusu kalori kwa kila kilo unayoibeba, na hapa kilo zote 118 zinahesabiwa. Kwako ni kama 59 kwa kilomita. Nusu saa yako, tuseme kilomita mbili, ni kama 120. Kwa hiyo ukianza kutembea saa moja na nusu kila siku, usitegemee kizidishi kiseme ukweli, ongeza kilomita moja moja. Kwa ratiba uliyonieleza, 1.4 inatosha. Nisingepanda juu yake: wengi hujiona wana shughuli nyingi kwa sababu wanachoka, na uchovu hauhesabiki kwa kalori.

Anza na 1,850 kwa siku. Kutoka kwenye makadirio yetu huo ni upungufu wa 450 hadi 610. Kilo moja ya mwili unaopungua hubeba takriban kalori 7,700, kwa hiyo tazamia kati ya gramu 400 na 550 kwa wiki, pengine zaidi kidogo. Najua programu ilikuahidi kilo nzima. Iliahidi kwa fedha ambayo haikuwa nayo.

Kisha uiache mizani isahihishe hesabu, kwa maana hesabu yoyote ya namna hii inaweza kumkosea mtu mmoja kwa asilimia kumi hata ikiwa sahihi kwa wengi. Jipime kila asubuhi baada ya haja, kabla ya kula, na uchukue wastani wa siku saba. Wiki ya kwanza usiitumie. Ukipunguza chakula, mwili hutoa sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini pamoja na maji yake, na kilo moja au mbili zinaweza kuondoka ambazo si mafuta. Linganisha wastani wa wiki ya pili na wa wiki ya tano. Na kama bado unaona siku zako, angalia kama moja ya wiki hizo mbili imeangukia siku za maji kujaa kabla ya hedhi. Ikiwa ndivyo, ngoja wiki moja zaidi.

Tuseme kati ya wastani hizo mbili, yaani siku 21, umepungua kilo 1.7, na daftari lako linasema ulikula 1,850 kwa wastani. Zidisha 1.7 kwa 7,700, gawa kwa 21, unapata 623. Ongeza 1,850: mwili wako unatumia 2,473. Kuanzia hapo tupa kanuni zote, hata ya kwangu, na utumie namba hiyo. Ina uzuri mwingine pia. Kama daftari lako husahau kalori 100 kila siku, namba hii imeshazibeba, mradi uendelee kusahau kwa kiwango kile kile.

Sasa, kama kilichopungua ni gramu 400 tu? Hesabu hiyo hiyo itakuambia unatumia kama 2,000. Hapo ndipo uzito usio na mafuta unakuwa na kazi ya pili, ambayo naithamini kuliko ya kwanza: unakuwa ukuta wa kupimia daftari. Kilo zako 59 zinadai 1,644 kabla hujainuka kitandani. Mtu anayekaa siku nzima bila matembezi yoyote huzidisha kwa 1.2 na kupata 1,970. Wewe unatembea. Namba ya 2,000 basi inatia shaka, na ikishuka chini ya 1,644 nitaamini kuna chakula kisichoandikwa kabla ya kuamini kwamba mwili wako umevunja hesabu. Mafuta ya kupikia ndiyo ninayoyakuta mara nyingi: kijiko kimoja kikubwa ni kama kalori 120, na watu huandika kilichopikwa wakasahau kilichopikia. Pima kwa mizani ya jikoni kwa siku kumi kabla ya kupunguza zaidi.

Ukishapungua kilo nane au kumi, pima tena mafuta na urudie. Katika kilo hizo nyingi zitakuwa mafuta, kwa hiyo kalori za mapumziko hazitashuka kwa kasi ambayo ile programu ingekutisha nayo. Zitashuka zaidi kidogo ya hesabu, kwa kuwa mwili unaopungua hubana matumizi, na kutembea nako kutagharimu kidogo kwa sababu unabeba kidogo. Ile njia ya siku 21 itayaona yote mawili bila wewe kuyakisia.

Kuna watu ambao hesabu hii haiwafai ilivyo. Mwenye miguu au tumbo lililojaa maji kwa ugonjwa wa moyo, figo au ini atahesabiwa maji hayo kama kilo zinazofanya kazi, na jibu litakuwa kubwa mno. Mjamzito asiitumie kupunguza uzito. Na kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari vya aina ya glibenklamidi, usiteremke kutoka 2,570 hadi 1,850 kabla hujaongea na daktari wako, kwa sababu dozi iliyopangwa kwa chakula cha zamani inaweza kuishusha sukari yako mpaka uzimie. Hukuniambia lolote kuhusu dawa. Kama zipo, anza na hilo, ndipo uende kwenye 1,850.